Ujumbe wa Sauti: Mpangilio, Urefu na Maelezo ya Kurudishiwa Simu

Shabaha ya somo

Katika masomo yaliyotangulia tulichunguza viambishi vya nafsi, upatanisho wa kisarufi na vionyeshi. Katika somo hili tutavitazama viungo hivyo vikiwa kazini mahali ambapo kosa dogo hugharimu sana, yaani katika ujumbe wa sauti unaoachiwa mtu ambaye hakupokea simu. Mwishoni mwa somo, mwanachuo aweze kutunga ujumbe wa namna hiyo, kueleza kwa hoja za kisarufi kwa nini ujumbe fulani haueleweki, na kuwafundisha wanafunzi wake kufanya hivyo.

Ujumbe wa sauti ni wa aina mbili. Upo ule unaoachwa katika kisanduku cha sauti cha mtandao wa simu, ambapo mpigaji husikia mlio kisha husema. Upo pia ule unaorekodiwa katika programu ya simu kama WhatsApp na kutumwa kama barua. Katika nchi zetu aina ya pili ndiyo imeenea zaidi, nasi tutaitumia kama mfano mkuu. Tofauti za aina ya kwanza tutazieleza karibu na mwisho.

Mazungumzo ambayo hayana mwitiko

Tuanze na jambo linalozitenganisha aina zote mbili na mazungumzo ya kawaida. Watu wawili wanapozungumza ana kwa ana, msikilizaji humsaidia msemaji. Msemaji akisema "alikuja jana", msikilizaji huuliza, "Nani?" Akisema "kile kitabu", msikilizaji huonyesha uso wa kutoelewa, na msemaji huongeza maelezo. Kiswahili hutegemea sana msaada huo, kwa sababu kitenzi chake kinaweza kubeba mtenda, mtendwa na wakati ndani ya neno moja bila kumtaja mtu yeyote kwa jina. Neno "nimempa" ni sentensi kamili. Hata hivyo, asiyejua habari zilizotangulia hawezi kujua ni nani aliyetoa, ni nani aliyepewa, wala ni kitu gani kilichotolewa.

Ujumbe wa sauti hauna wa kuuliza. Kwa hiyo kanuni ya msingi ya somo hili ni hii: kila kiambishi na kila kionyeshi katika ujumbe wa sauti kiwe na nomino yake ndani ya ujumbe huohuo, na nomino hiyo itangulie. Kanuni hii ndiyo itakayotuongoza katika uchambuzi ufuatao.

Mfano wa kwanza: ujumbe uliopotea njia

Tuchukue mfano wa mwanachuo tutakayemwita Tumwine. Majina na namba zote katika somo hili ni za mfano tu. Tumwine yuko katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi mjini Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Mkufunzi anayemsimamia yuko Kigali, Rwanda, na amepanga kuvuka mpaka wa Katuna siku ya Jumatatu ili kulikagua somo lake. Siku ya Alhamisi shule inabadilisha ratiba. Jumatatu wanafunzi watafanya mtihani, na somo litafundishwa Jumatano saa nne asubuhi. Tumwine anapiga simu saa mbili usiku, mkufunzi hapokei, naye anarekodi ujumbe ufuatao:

"Haloo? Shikamoo mwalimu. Habari za huko? Nyumbani hawajambo? Eee, samahani, nilikuwa napiga nikaona hupokei, nikasema basi ngoja niache ujumbe. Kuna jambo limetokea hapa. Mwalimu mkuu alimwambia mwalimu wa darasa akasema haiwezekani siku ile, kwa sababu ya hao watoto, basi wakakubaliana iwe siku ya tatu, saa kumi. Kwa hiyo kesho naomba unijulishe. Utanipata kwa namba nyingine maana hii ina shida ya chaji, ni sifuri mia sita, mia mbili arobaini na nane, mia tatu kumi na saba. Haya mwalimu, tutapigiana, asante sana, usiku mwema."

Mkufunzi anausikiliza ujumbe huu siku ya pili, Ijumaa mchana, akiwa ndani ya basi. Tumfuate anavyousikiliza, tuone kila mahali anapokwama.

Kwanza, hajui ni nani anayesema. Kiambishi ni- katika "nilikuwa" na "niache" humwonyesha msemaji, lakini hakimtaji. Pengine mtu atasema kwamba jina huonekana kwenye kioo cha simu. Jina huonekana tu ikiwa mpokeaji amelihifadhi pamoja na namba hiyo. Isitoshe, ujumbe wa sauti ukitumwa mbele kwa mtu mwingine, kwa mfano mkufunzi akimtumia mkuu wa idara, jina la msemaji wa kwanza haliendi nao. Kinachobaki ni sauti peke yake.

Pili, hajui ni jambo gani lililobadilishwa. Vitenzi "haiwezekani" na "iwe" vina kiambishi i-, ambacho katika muktadha huu kinaweza kuwakilisha nomino kadha za ngeli ya I-ZI, kama vile safari, ziara au ratiba. Jambo lenyewe ni somo, ambalo lingedai "liwe". Tumwine ametumia i- kwa mambo yote yaliyomo akilini mwake bila kutaja hata moja. Katika mazungumzo i- hiyo ya jumla hupita bila madhara. Katika ujumbe wa sauti huacha pengo.

Tatu, hajui uamuzi ni wa nani. Katika "Mwalimu mkuu alimwambia mwalimu wa darasa akasema haiwezekani", kiambishi -ka- cha mfululizo huonyesha kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza, lakini hakionyeshi kama mtenda ni yuleyule au amebadilika. Aliyesema kwamba haiwezekani anaweza kuwa mwalimu mkuu, na anaweza pia kuwa mwalimu wa darasa. Kama aliyesema ni mwalimu mkuu, uamuzi ni wa shule. Kama ni mwalimu wa darasa, mkufunzi anaweza kudhani bado kuna nafasi ya kujadiliana.

Nne, "kesho" imehama. Tumwine alipoitamka Alhamisi usiku, kesho ilikuwa Ijumaa. Mkufunzi anaposikiliza Ijumaa, kesho ni Jumamosi. Maneno kama leo, kesho, jana, sasa, hapa na huko hupata maana kutokana na mahali na wakati wa kusemwa. Ujumbe wa sauti hutenganisha wakati wa kusema na wakati wa kusikia. Kwa hiyo maneno hayo yasiachwe peke yake, bali yafungwe kwa siku na tarehe.

Siku na saa: mtego wa majirani

Makosa mawili ya Tumwine yanastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu huwapata hasa wanachuo ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza.

La kwanza ni "siku ya tatu". Katika Kiswahili, hesabu ya siku iliyomo ndani ya majina huanza baada ya Ijumaa. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, na Jumatano ya tano. Katika lugha nyingi za majirani hesabu huanzia Jumatatu. Kwa Kiganda, Lwakusatu, yaani siku ya tatu, ni Jumatano. Kwa Kinyarwanda, ku wa gatatu ni Jumatano vilevile, na ku wa mbere, siku ya kwanza, ni Jumatatu. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiganda au wa Kinyarwanda anayefuata namba badala ya jina atapishana na mzungumzaji wa Kiswahili kwa siku mbili kamili, kama jedwali hili linavyoonyesha:

| Namba iliyomo ndani ya jina | Siku kwa Kiswahili | Siku hiyo ya namba kwa Kiganda na Kinyarwanda |
|---|---|---|
| tatu | Jumatatu | Jumatano |
| nne | Jumanne | Alhamisi |
| tano | Jumatano | Ijumaa |

Tumwine alifikiri Lwakusatu, akasema "siku ya tatu". Mkufunzi ana njia mbili za kumwelewa. Akifikiri kwa Kinyarwanda, atapata Jumatano, ambayo ni sahihi. Akifikiri kwa Kiswahili, lugha ya ujumbe wenyewe, atapata Jumatatu, siku ileile aliyokuwa amepanga, naye atadhani hakuna kilichobadilika isipokuwa saa. Kinga yake ni kutaja jina la siku pamoja na tarehe yake. Jina likikosewa, tarehe itapingana nalo, na msikilizaji atajua kwamba pana kosa la kuulizia.

Kosa la pili ni "saa kumi". Tumwine aliitazama ratiba ya shule iliyoandikwa 10:00, akaisoma namba kama ilivyo. Katika Kiswahili saa za mchana huhesabiwa tangu mapambazuko, kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi, na saa kumi ni 16:00. Anayeigeuza saa ya maandishi kuwa ya Kiswahili aondoe sita, au aongeze sita inapokuwa namba ni sita au chini yake, au aondoe kumi na nane namba inapozidi kumi na nane. Tena ataje sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Neno hilo moja hukagua namba iliyotangulia, kwa kuwa hakuna anayetarajia kusikia "saa kumi asubuhi" ya kwenda darasani.

Kuna jambo la ziada kwa wanaovuka mipaka. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia saa moja ya eneo. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa moja nyuma yake. Saa nne asubuhi mjini Kabale ni saa tatu mjini Kigali, ingawa miji hii miwili iko karibu. Mkufunzi anayesafiri kutoka Rwanda kwa saa zake mwenyewe, akifikiri saa nne ni saa nne, atafika somo likiwa limekwisha kitambo. Kwa hiyo ujumbe unaovuka mpaka huo utaje saa pamoja na nchi yake.

Namba ya simu na kitenzi cha kurudishia

Namba ndiyo sehemu ya ujumbe ambayo haiwezi kukisiwa. Msikilizaji akikosa neno moja katika sentensi, maneno mengine humsaidia; akikosa tarakimu moja, amepoteza namba nzima.

Tumwine alisoma namba yake kwa mamia na makumi. "Mia mbili arobaini na nane" inaweza kuandikwa 248, lakini msikilizaji anayeandika huku akisikia anaweza kuanza na 200, kisha 40, kisha 8, akabaki na tarakimu nyingi kuliko zinazohitajika. Namba ya simu haihesabu kitu chochote, basi isisomwe kama hesabu. Isomwe tarakimu moja moja katika mafungu, na kati ya mafungu pawepo kituo cha kutosha kuandika: sifuri sita sifuri sifuri, mbili nne nane, tatu moja saba. Kisha irudiwe yote mara ya pili kwa mafungu yaleyale. Akibadilisha mafungu mara ya pili, msikilizaji atadhani ni namba nyingine.

Matamshi nayo yana nafasi yake. Nne na nane hukaribiana sana masikioni. Neno nne lina silabi mbili, n-ne, na mkazo uko juu ya n ya kwanza, ambayo ni silabi yenyewe. Msemaji akiimeza n hiyo, linabaki "ne" fupi ambalo kelele za basi hulifanya lidhaniwe kuwa mwisho wa nane. Vivyo hivyo sita, saba na sifuri huanza kwa sauti moja, basi silabi ya mwisho isikatwe.

Namba inayokwenda nchi nyingine itajwe kwa umbo la kimataifa: alama ya jumlisha, namba ya nchi, kisha namba ya mtu bila ile sifuri ya mwanzo. Namba ya Uganda ni 256, ya Rwanda 250, ya Burundi 257, na ya Kongo 243. Hivyo 0600 248 317 ya Uganda huwa +256 600 248 317. Namba za Burundi zina tarakimu nane na hazina sifuri ya kuondoa. Basi asiwepo wa kuiongeza kwa kudhani imesahauliwa.

Baada ya namba huja swali la nani atampigia nani. Tumwine alisema "tutapigiana". Kiambishi -an- cha kutendana huwafanya wote wawili kuwa watenda na watendwa kwa pamoja, na ndiyo sababu hakifai hapa, kwani hakisemi nani aanze. Kila mmoja anaweza kukaa akimngoja mwenzake. "Tuwasiliane" ina udhaifu uleule. Kauli inayofaa ni ya kutendea katika hali ya ombi: "Ninaomba unipigie", ambapo u- ni mtenda na -ni- ni mnufaika. Ikiwa msemaji ndiye atakayepiga tena, aseme "nitakupigia", na ataje lini. Tuwaonye wanafunzi dhidi ya "nipige", kwa kuwa bila kiambishi -i- cha kutendea, kitenzi hicho huomba kipigo.

Mfano wa pili: ujumbe uliopangwa

Sasa tuutunge upya ujumbe wa Tumwine. Tutaupanga kwa sehemu tano: salamu na utambulisho pamoja na siku ya kurekodi, shabaha katika sentensi moja, maelezo, ombi, na namba pamoja na kuaga. Salamu iwe moja tu, isiyodai jibu. "Shikamoo" inatosha kumstahi mkubwa hata kama "marahaba" haitasikika. "Habari za nyumbani?" ni swali, na maswali humfanya msemaji anyamaze akingoja jibu ambalo haliwezi kuja.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Tumwine, mwanachuo wa mwaka wa pili, niliye katika mazoezi ya kufundisha mjini Kabale. Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni, saa mbili usiku. Ninakujulisha kwamba somo utakalokuja kulikagua limeahirishwa kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Siku ya Jumatatu wanafunzi watafanya mtihani. Somo litafundishwa Jumatano, tarehe kumi na nane Juni, saa nne kamili asubuhi kwa saa za Uganda. Kwa saa za Rwanda itakuwa saa tatu kamili. Mahali hapajabadilika: ni katika chumba cha darasa la tano. Ninaomba unipigie kesho Ijumaa, tarehe kumi na tatu, kati ya saa saba na saa nane mchana kwa saa za Uganda, uniambie kama utaweza kufika. Usiponipata, tafadhali niandikie ujumbe mfupi. Namba yangu ni jumlisha mbili tano sita. Sita sifuri sifuri. Mbili nne nane. Tatu moja saba. Narudia: jumlisha mbili tano sita, sita sifuri sifuri, mbili nne nane, tatu moja saba. Asante, Mwalimu. Ni Tumwine wa Kabale."

Tuchunguze kilichobadilika kisarufi. Nomino somo imetajwa mapema, na baada ya hapo upatanisho wa li- unaifuata kila mahali: utakalokuja, kulikagua, limeahirishwa, litafundishwa. Kirejeshi -lo- katika "utakalokuja" kinaonyesha ni somo lipi kati ya yote anayofundisha Tumwine. Kauli ya kutendwa, "limeahirishwa", imeondoa ule msururu wa nani alimwambia nani. Mkufunzi hahitaji kujua mjadala wa shule, anahitaji kujua matokeo yake. Neno "kesho" limebaki, lakini limefungwa kwa Ijumaa na tarehe kumi na tatu. Muda wa kupiga umetajwa kwa mwanzo na mwisho, kwa kuwa "mchana" peke yake humkuta Tumwine akiwa darasani na simu imezimwa. Njia ya pili nayo imetajwa, ili simu isiyopokewa isilete ujumbe mwingine wa kubahatisha.

Urefu wa kufaa

Mwanachuo atagundua kwamba ujumbe huu wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza. Una maneno yapatayo 140. Kwa mwendo wa utulivu wa maneno 100 hivi kwa dakika, utachukua takriban dakika moja na nusu. Huo tuuhesabu kuwa mpaka wa juu kwa ujumbe wenye mabadiliko ya siku, saa na namba. Ujumbe unaoomba kupigiwa simu tu hauhitaji zaidi ya nusu dakika: jina, jambo, muda wa kupatikana na namba.

Ujumbe ukizidi mpaka huo, kwa kawaida sababu ni moja kati ya mbili. Pengine msemaji anasimulia jinsi jambo lilivyotokea badala ya kusema lilivyo sasa. Hapo afute masimulizi. Pengine ana mambo mawili tofauti, kwa mfano mabadiliko ya ratiba na ombi la vitabu. Hapo arekodi jumbe mbili, ili msikilizaji atakayetafuta jambo la pili asilazimike kusikiliza tena la kwanza.

Namna ya kurekodi

Kabla ya kurekodi, msemaji aandike kwenye karatasi majina, tarehe, saa na namba. Asiandike sentensi nzima, kwa sababu sauti ya mtu anayesoma huenda mbio, hasa kwenye namba. Aandike pia saa katika maumbo yote mawili, 10:00 na "saa nne asubuhi", ili asiigeuze huku akisema.

Kwenye simu, baada ya kubonyeza alama ya kinasa sauti, angoje kidogo kabla ya kuanza, la sivyo silabi ya kwanza hukatwa, na mara nyingi silabi hiyo ni ya jina lake. Amalizapo, asiachilie papo hapo, kwa maana tarakimu ya mwisho hupotea namna hiyo. Katika WhatsApp anaweza kutelezesha kidole kwenda juu ili kurekodi kuendelee bila kushikilia, kisha ausikilize ujumbe kabla ya kuutuma. Fursa hiyo asiiache.

Kisanduku cha sauti cha mtandao kina masharti yake. Msemaji huanza baada ya mlio, na muda una kikomo kinachowekwa na mtandao. Ukifika, sauti hukatwa. Kwa sababu hiyo katika kisanduku cha sauti namba itajwe mara moja baada ya jina, kisha irudiwe mwishoni. Ukikatwa katikati, mpokeaji atakuwa tayari na jina, namba na shabaha.

Yapo mambo ambayo hayafai kuwekwa katika ujumbe wa sauti hata ukiwa umepangwa vyema. Alama za mtihani za mwanafunzi, ugonjwa wake au adhabu yake zisisemwe humo, maana msikilizaji anaweza kufungua ujumbe kwa kipaza sauti mbele ya watu. Katika hali hiyo ujumbe uombe tu kupigiwa simu: "Ninaomba unipigie kuhusu mwanafunzi mmoja wa darasa la tano." Aidha, tarehe na namba ni vyema zifuate kwa maandishi mafupi baada ya sauti, kwa sababu maandishi hunakiliwa bila kusikilizwa mara ya pili.

Jinsi ya kupima

Mwalimu hawezi kuupima ujumbe aliourekodi mwenyewe, kwa kuwa anajua tayari alichokusudia. Ampe mtu asiyejua lolote kuhusu jambo hilo ausikilize mara moja tu, kisha aandike majibu ya maswali sita: ni nani anayesema, alirekodi siku gani, ni jambo gani, ni siku na saa gani, anaombwa kufanya nini, na kwa namba ipi. Jibu lolote linalokosekana huonyesha mahali pa kurekebisha. Tumwine angeufanyia jaribio hilo ujumbe wake wa kwanza, msikilizaji asingepata jibu kamili hata moja.

Zoezi

1. Orodhesha vionyeshi na vielezi vyote vya mahali na wakati katika ujumbe wa kwanza wa Tumwine. Kwa kila kimoja, taja nomino, siku au mahali panapostahili kuwekwa badala yake.

2. Andika upya sentensi hii kwa kauli ya kutendwa, kisha eleza ni utata gani ulioondoka: "Mwalimu mkuu alimwita mzazi akasema atalipa kitabu."

3. Mwanachuo wa Bujumbura anamwachia ujumbe mkufunzi aliye Arusha. Kikao kitaanza 14:00 kwa saa za Burundi. Andika sentensi itakayotaja saa hiyo kwa Kiswahili, kwa saa za nchi zote mbili.

4. Eleza kwa nini "Tutawasiliana Jumatano jioni" haitoshi kumalizia ujumbe wa sauti. Itunge upya kwa kauli ya kutendea.

5. Wakiwa wawili wawili, wanachuo warekodi ujumbe wa kuahirisha somo, usiozidi dakika moja na nusu. Kila kundi libadilishane ujumbe na kundi jingine, na wasikilizaji wajibu maswali sita ya kupimia. Jadilini darasani majibu yaliyokosekana na sababu zake za kisarufi.